Msaada wa mpango wa kujibu swali: kutoka Hijra hadi makhalifa wanne

Mtahiniwa_Kondoa

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne na ninajiandaa kwa mtihani wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Mwalimu wetu ametupa swali la insha la alama 15 lisemalo hivi: "Namna makhalifa wanne waongofu walivyopatikana haiwezi kueleweka bila ya kurejea mambo yaliyotokea Madina baada ya Hijra. Jadili."

Ninayajua matukio yenyewe kwa mpangilio wake, yaani Hijra mwaka 622, Badri mwaka wa 2 Hijria, Uhud mwaka wa 3, Khandaq mwaka wa 5, Hudaibiya mwaka wa 6, kufunguliwa kwa Makka mwaka wa 8, Hija ya kuaga mwaka wa 10, kisha Abubakar, Umar, Uthman na Ali. Tatizo langu ni kwamba nikianza kueleza kila tukio, muda unakwisha kabla sijamfikia Uthman. Ninaomba wakubwa zangu mnisaidie mpango wa jibu.

Babu_Juma_Uyui

Wa alaykumu salaam mjukuu wangu. Mbona jambo hili ni jepesi. Orodha unayo tayari, basi lipe kila tukio mistari miwili, usiruke hata moja, kisha malizia na makhalifa, kila mmoja na miaka yake: Abubakar 632 hadi 634, Umar hadi 644, Uthman hadi 656, Ali hadi 661. Msahihishaji akiona umetaja kila kitu hawezi kukunyima alama. Na usisahau kuanza na kalenda, kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina alianzisha kalenda ya Hijria, kwa sababu hapo ndipo dola ilipozaliwa.

Ustadh_Pangani

Shikamoo Babu Juma. Miaka uliyoitaja ni sahihi, na mtahiniwa aishike hivyo hivyo. Hata hivyo naomba turekebishe mawili kabla kijana hajayanakili.

La kwanza ni la kalenda. Tukio linalohesabiwa kuwa mwanzo wa kalenda ni Hijra, lakini aliyeiweka kalenda yenyewe ni Umar bin Khattab katika ukhalifa wake, karibu na mwaka wa 17. Ndiyo maana safari ya Mtume ilikuwa katika mwezi wa Rabiul Awwal, ilhali mwaka wa 1 unahesabiwa kuanzia Muharram, miezi michache kabla ya safari yenyewe. Mwanafunzi akiandika kwamba Mtume ndiye aliyeianzisha, ameshapoteza hoja katika aya ya kwanza.

La pili ni kubwa zaidi. Swali halikuomba matukio. Limesema "namna walivyopatikana", na limedai kwamba namna hiyo ina mizizi katika maisha ya Madina. Mwenye kuandika mistari miwili kwa kila tukio atakuwa amejibu swali lingine kabisa, lile la "taja matukio makuu", na msahihishaji ataona wazi kwamba hakuna hata sentensi moja inayoonyesha uhusiano kati ya Badri na kuchaguliwa kwa Uthman. Kinachotakiwa ni kuyachambua matukio ya Madina na kuchukua yale tu yaliyoacha alama katika uchaguzi wa makhalifa. Mengine, hata kama ni makubwa katika historia, yanapita kwa nusu sentensi.

Kwa maoni yangu matukio yenye alama hiyo ni matatu. La kwanza ni udugu uliofungwa kati ya Muhajirina na Ansari pamoja na mkataba wa Madina, la pili ni Uhud, na la tatu ni mgao wa ngawira za Hunain. Najua la tatu litawashangaza wengi, nami nitalieleza baadaye leo nikitoka darasani.

Mwanakisauni

Salaam kutoka Mombasa. Sisi huku swali kama hili tunalijibu kwa hoja sita au saba za mchango wa kila khalifa: Abubakar alipigana na walioritadi na akaagiza Qur'ani ikusanywe, Umar alianzisha diwani na akagawa majimbo, Uthman alinakilisha misahafu na kuipeleka mijini, Ali alihamishia makao Kufa. Mimi nilijibu hivyo enzi zangu nikapata alama nzuri. Kwa nini mnamzungusha mtoto?

Mwl_Mwanaidi_Tanga

Kaka Mwanakisauni, ulipata alama nzuri kwa sababu uliulizwa mchango wao. Hapa ameulizwa walivyopatikana, na hayo ni mambo ambayo mwanafunzi anaweza kuyachanganya akiwa na hofu ya mtihani. Mimi nimesahihisha insha za namna hii kwa miaka, na kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni hilo: mwanafunzi anaandika kurasa mbili safi kuhusu Zaid bin Thabit na ukusanyaji wa Qur'ani baada ya vita vya Yamama, jambo ambalo ni la kweli kabisa na halina uhusiano wowote na swali. Njia ya kujipima ni rahisi. Kila ukimaliza aya, soma sentensi yake ya mwisho. Ikiwa haimtaji aliyechagua, aliyechaguliwa, au sababu ya uchaguzi kuwa hivyo, basi aya hiyo imetoka nje.

Ustadh, tunasubiri Hunain. Mimi ningeanza na Saqifa, yaani mkutano uliomchagua Abubakar, kisha nikarudi nyuma, lakini nipo tayari kushawishika.

Ustadh_Pangani

Nimerudi. Nitaeleza jinsi ambavyo ningeipanga sehemu ya Madina, kisha Mwalimu Mwanaidi atuandikie Saqifa.

Utangulizi uwe mfupi, sentensi tatu zinatosha: Mtume alihama mwaka 622, akakuta Madina yenye makabila mawili ya Waarabu, Ausi na Khazraji, waliokuwa wamepigana vita vya Bu'ath miaka michache tu kabla ya hapo, pamoja na makabila ya Kiyahudi, kisha mtahiniwa atangaze msimamo wake kuhusu kauli ya swali. Pango la Thaur, Asma kupeleka chakula, Ali kulala kitandani, hayo yote ni mazuri kuyasoma lakini hayana nafasi hapa.

Hoja ya kwanza ni udugu. Mtume aliwaunganisha Muhajirina na Ansari mmoja mmoja. Mfano unaojulikana ni wa Abdurrahman bin Auf, aliyeunganishwa na Saad bin Rabii wa Khazraji. Saad alimtolea nusu ya mali yake, naye Abdurrahman akamwombea baraka na kusema aonyeshwe sokoni. Mfano huu mtahiniwa auandike kwa sababu una kazi mbili. Unaonyesha kwamba udugu ulikuwa wa vitendo, na pia unaonyesha kwamba hata baada ya udugu makundi yale yalibaki na majina yake mawili, wenyeji na wageni, kila moja likiwa na heshima yake. Mkataba wa Madina nao uliwafanya waumini kuwa umma mmoja, lakini ulizitaja koo za Ansari moja moja kwa majina, kila ukoo ukiendelea kubeba diya zake. Kwa hiyo umoja ulijengwa juu ya makundi, wala makundi hayakufutwa. Shika jambo hilo, kwa sababu litatokea tena siku aliyofariki Mtume.

Hoja ya pili ni Uhud, mwaka wa 3. Wanafunzi wote hukimbilia wale wapiga mishale 50 walioshuka mlimani. Waache. Kinachotuhusu ni kilichotokea kabla ya vita. Mtume alitaka kuwasubiri Makuraishi ndani ya mji, wengi miongoni mwa masahaba wakataka watoke nje, naye akakubali rai yao. Matokeo yalikuwa machungu, Hamza na wengine wengi wakauawa. Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo ushauri wa watu ungewekwa kando, lakini aya iliyoshuka kuhusu vita hivyo, Aal Imran 3:159, inamwamuru awasamehe na ashauriane nao katika mambo. Mwanafunzi akiandika kwamba msingi wa shura ulithibitishwa hata baada ya ushauri kuleta hasara, ameandika hoja ambayo msahihishaji haioni kila siku.

Hoja ya tatu ni Hunain, mwaka wa 8, baada ya kufunguliwa kwa Makka. Ngawira ziligawiwa Ji'rana, na Mtume akawapa wakubwa wa Makuraishi na wa makabila, waliosilimu karibuni, mafungu makubwa. Abu Sufyan alipata ngamia 100. Ansari hawakupata kitu, wakaanza kunung'unika kwamba Mtume amekutana na watu wake. Aliyepeleka manung'uniko hayo kwa Mtume ni Saad bin Ubada, kiongozi wa Khazraji, na alipoulizwa yeye mwenyewe yuko upande gani alijibu kwamba yeye ni mmoja wa watu wake. Mtume akawakusanya Ansari peke yao, akawauliza kama hawaridhiki watu wengine waondoke na kondoo na ngamia, nao warudi majumbani mwao na Mtume wa Mwenyezi Mungu. Wakalia mpaka ndevu zikalowa, wakasema wameridhika.

Sasa tazameni kinachofuata. Miaka miwili na kitu baadaye Mtume anafariki, na yule ambaye Ansari walirudi naye nyumbani hayupo tena. Wanaokusanyika wanamkusanyikia nani? Saad bin Ubada yuleyule. Mtahiniwa akiunganisha matukio hayo mawili kwa sentensi moja, kauli ya swali imethibitika.

Mtahiniwa_Kondoa

Shukran sana Ustadh. Hunain tulifundishwa kama vita tu, kwamba Waislamu walijivunia wingi wao wakashtukizwa bondeni. Swali langu ni kwamba, je, nikiandika kuwa Ansari walinung'unika, haitaonekana kama ninawavunjia heshima masahaba?

Ustadh_Pangani

Hapana, mwanangu, ukiandika kwa adabu na ukamalizia kwa kuridhika kwao. Habari hiyo imo katika vitabu sahihi vya hadithi, na Ansari hawakupungukiwa na kitu kwa kusema kilichokuwa moyoni. Andika "walihuzunika" badala ya "waliasi" na hutakuwa na tatizo.

Mwl_Mwanaidi_Tanga

Nimeshawishika, Hunain itangulie. Ifuatayo ni aya ya Saqifa jinsi ambavyo ningependa kuiona katika karatasi ya mwanafunzi. Nimeiandika kwa urefu kidogo ili muone namna sababu zinavyofungamana. Katika chumba cha mtihani inaweza kupunguzwa kwa theluthi moja.

"Mtume alipofariki mwaka wa 11 Hijria, kabla hajazikwa, Ansari walikusanyika katika baraza la Bani Saida ili wamchague Saad bin Ubada. Abubakar, Umar na Abu Ubaida bin Jarrah walipopata habari waliwafuata. Mjadala ulifuata mgawanyiko uleule wa wenyeji na wageni: Hubab bin Mundhir alipendekeza kila upande uwe na kiongozi wake, naye Abubakar, baada ya kutaja fadhila za Ansari, alijibu kwamba Waarabu hawatamtii mtu asiyetokana na Makuraishi, na kwamba viongozi watoke kwa Muhajirina na mawaziri watoke kwa Ansari. Ansari wenyewe hawakuwa kitu kimoja. Bashir bin Saad, ingawa ni Mkhazraji, aliunga mkono Muhajirina, na Ausi pamoja na Usaid bin Hudhair hawakupendelea uongozi uende kwa Khazraji. Abubakar aliwapendekeza Umar na Abu Ubaida, lakini Umar akamshika yeye mkono na kumpa bai'a, yaani ahadi ya utii, akikumbusha kwamba ndiye aliyeswalisha watu Mtume alipokuwa mgonjwa. Siku iliyofuata watu kwa ujumla walitoa bai'a msikitini."

Angalieni kwamba aya hii ina watu, ina sababu, na kila sababu ina asili yake Madina: Ausi na Khazraji wa Bu'ath, Muhajirina na Ansari wa udugu, swala ya Abubakar ya siku za ugonjwa. Haihitaji kusema "kama tulivyoona hapo juu" hata mara moja.

Onyo dogo ni kuhusu maneno. Wanafunzi wengi huandika kwamba Abubakar "alipigiwa kura". Hakuna kura iliyopigwa. Kulikuwa na majadiliano, kisha bai'a ya wachache waliokuwapo, kisha bai'a ya watu wote. Hatua hizo tatu zitajwe kwa majina yake.

Mfuasi_wa_Bwawani

Assalamu alaykum. Nimefuatilia kwa makini na ninashukuru kwa adabu ya mjadala. Ila kuna jambo limeachwa. Tarehe 18 Dhulhija mwaka wa 10, Mtume alipokuwa akirudi kutoka Hija ya kuaga, alisimama Ghadir Khum akamshika Ali mkono na kusema kwamba ambaye yeye Mtume ni maula wake, basi Ali ni maula wake. Kwetu sisi Mashia hilo ndilo jibu la swali la nani alipaswa kufuata. Aidha wakati wa Saqifa Ali na Bani Hashim walikuwa wakishughulika na mazishi ya Mtume. Insha inayozungumzia "namna walivyopatikana" bila ya kutaja hayo mawili ni nusu insha.

Ustadh_Pangani

Wa alaykumu salaam. Kwamba tamko la Ghadir lilitolewa, hata wanazuoni wa Sunni wamelipokea. Tofauti ipo katika maana ya maula. Sisi tunalichukua kuwa ni amri ya kumpenda na kumnusuru Ali, nanyi mnalichukua kuwa ni uteuzi. Tofauti hiyo haitaisha katika uzi huu, na sikusudii kujaribu. Kwa mtahiniwa, mtaala anaotahiniwa unafuata mapokezi ya Sunni, kwa hiyo mfumo wa jibu lake ni huo. Lakini hoja yako ya pili naikubali bila ya shaka: Ali hakuwapo Saqifa, na katika hadithi ya Aisha iliyomo katika Bukhari, bai'a yake ya hadharani kwa Abubakar ilikuja baada ya kufariki Fatima, miezi sita baadaye. Sentensi moja kuhusu hilo inaipa insha uzito.

Mfuasi_wa_Bwawani

Ninashukuru. Sikubaliani nawe kuhusu maana, lakini ninakubali kwamba mtihani una mtaala wake.

Babu_Juma_Uyui

Mimi nimenyamaza nikasoma, na la kalenda nimelipata. Ila nina swali ambalo hata sisi wazee hutusumbua. Mnasema shura ndiyo msingi. Sasa Abubakar alipomteua Umar kabla ya kufa, shura iko wapi hapo? Si ni sawa na mfalme kumwachia ndugu yake?

Mwl_Mwanaidi_Tanga

Shikamoo Babu. Swali lako ni lile ambalo mtungaji wa mtihani angependa mwanafunzi ajiulize mwenyewe. Tuanze na jambo lililo wazi: Umar hakuwa ndugu wa Abubakar wala wa ukoo wake. Abubakar ni wa Bani Taim na Umar ni wa Bani Adi, nazo ni koo mbili tofauti za Makuraishi. Kwa hiyo urithi haupo.

Shura ilikuwapo, ila ilikuwa ya faragha. Katika ugonjwa wake mwaka wa 13 Abubakar alimwuliza Abdurrahman bin Auf, akamwuliza Uthman, akawauliza wengine miongoni mwa Muhajirina na Ansari. Si wote waliofurahi, kwani walikuwapo waliomwambia kwamba Umar ni mkali na wakamwuliza atamjibu nini Mola wake. Alijibu kwamba atasema amewachagulia aliye bora wao. Kisha wasia ukaandikwa na Uthman, ukasomewa watu, nao wakatoa bai'a. Mwanafunzi aandike hivyo: mashauriano, uteuzi, kisha bai'a. Utaratibu umepinduliwa ukilinganisha na Saqifa, ambako hakukuwa na uteuzi wa aliyetangulia, lakini bai'a ya watu imebaki palepale mwishoni.

Kwa nini Abubakar alichagua njia hiyo? Hapa mwanafunzi anaweza kutoa hukumu yake. Mimi ningesema kwamba alikuwa ameiona Saqifa kwa macho yake, na wakati anaugua majeshi ya Waislamu yalikuwa Sham na Iraki mbele ya Warumi na Waajemi. Mjadala mwingine wa wenyeji na wageni wakati huo ungekuwa wa hatari.

Babu_Juma_Uyui

Nimekuelewa, ingawa moyo wangu bado unaona kwamba uteuzi ni uteuzi tu, hata ukishauriana.

Ustadh_Pangani

Na Umar mwenyewe, Babu, huenda alikuwa na wasiwasi unaokaribiana na wako. Mwishoni mwa uhai wake, aliporudi kutoka Hija yake ya mwisho, alisikia kwamba kuna mtu anasema Umar akifa atampa bai'a fulani, kwa kuwa hata bai'a ya Abubakar ilikuwa ya ghafla ikatimia. Umar alipanda mimbari akakiri kwamba kweli ilikuwa ya ghafla, ila Mwenyezi Mungu alizuia shari yake, na hapakuwa na mtu wa kulinganishwa na Abubakar. Kisha akaonya kwamba mtu asitoe bai'a bila ya kushauriana na Waislamu.

Kwa mpango wa jibu, khutba hiyo ni daraja. Inaunganisha Saqifa na baraza la watu sita, na mwanafunzi akiiweka katikati ya insha yake, hoja ya Uthman inajitokeza yenyewe. Umar alipochomwa na Abu Lu'lua mwishoni mwa mwaka wa 23, hakuteua mtu mmoja kama Abubakar, wala hakuwaachia watu wagombanie kama siku ya Saqifa. Aliwataja sita: Uthman, Ali, Talha, Zubair, Saad bin Abi Waqqas na Abdurrahman bin Auf. Mwanawe Abdullah ahudhurie lakini asiwe na haki ya kuchaguliwa. Muda wao siku tatu, na Suhaib awaswalishe watu katika siku hizo.

Hapa kuna jambo la kutazama kwa karibu. Wote sita ni Muhajirina wa Kikuraishi. Ansari wamo, lakini kazi yao imebadilika: inapokewa kwamba Abu Talha wa Ansari aliwekwa na watu 50 walinde mlango wa nyumba ambamo baraza linakaa. Lile neno la Saqifa, viongozi kutoka huku na mawaziri kutoka kule, limekuwa desturi. Hakuna aliyeuliza tena kama Ansari atagombea.

Abdurrahman bin Auf alijitoa katika kugombea ili awe msuluhishi. Akazunguka Madina akiwauliza watu, wakubwa kwa wadogo pamoja na makamanda waliokuwa wamekuja Hija, mpaka wakabaki wawili, Uthman na Ali. Alfajiri akawauliza hadharani kama watafuata Kitabu, Sunna na mwenendo wa makhalifa wawili waliopita. Inapokewa kwamba Ali alijibu atafanya kwa kadiri ya elimu na uwezo wake, na Uthman akajibu ndiyo moja kwa moja. Akampa Uthman bai'a, watu wakafuata.

Mwanakisauni

Sasa nimeelewa tofauti, na nimependa hiyo ya walinzi. Ila kwa Uthman si lazima kueleza malalamiko dhidi ya magavana wake? Huku tunafundishwa sababu za fitina kwa urefu: Walid bin Uqba kule Kufa, Abdullah bin Saad bin Abi Sarh Misri, Marwan kuwa katibu wake.

Mwl_Mwanaidi_Tanga

Kwa sentensi mbili tu, na kwa kusudi moja: kuonyesha hali aliyochaguliwa nayo Ali. Mwanafunzi asisahau kwamba Muawiya aliwekwa Sham na Umar, Uthman akamwacha na kumwongezea eneo. Wengi huandika kwamba Uthman ndiye aliyemteua mwanzo. Baada ya hapo aseme kwamba waasi kutoka Misri, Kufa na Basra waliizingira nyumba ya Uthman na kumwua katika Dhulhija ya mwaka wa 35, na kwamba Madina ilikuwa mikononi mwao Ali alipoombwa ashike uongozi.

Ali alikataa kwanza, kisha akashurutisha kwamba bai'a iwe msikitini na iwe ya hadhara. Kwa maoni yangu shurti hilo ndilo kiini cha aya ya Ali. Alitaka utaratibu wa Madina uonekane, hata kama mji haukuwa huru. Ndipo matatizo yalipotokea: Talha na Zubair walitoa bai'a kisha baadaye wakadai walishurutishwa, na Muawiya akakataa kuitoa mpaka wauaji wa Uthman wachukuliwe hatua. Mwaka wa 36 Ali akatoka Madina kuelekea Iraki, vikafuata vita vya Jamal karibu na Basra, na makao yakawa Kufa.

Mtahiniwa_Kondoa

Mwalimu, hapo ndipo ninapokwama. Kama swali linadai kwamba mambo ya Madina ndiyo yanayoeleza uchaguzi wa makhalifa wote wanne, je, kwa Ali ninakubali au ninakataa?

Mwl_Mwanaidi_Tanga

Swali limesema "jadili", kwa hiyo una ruhusa ya kukubali kwa sehemu. Mimi ningeandika kwamba kauli ni ya kweli kabisa kwa Abubakar, ni ya kweli kwa Umar na Uthman kwa kuwa njia zao zilikuwa ni kujibu yaliyotokea Saqifa, lakini kwa Ali inahitaji nyongeza: kufikia mwaka wa 35 Madina haikuwa tena peke yake. Majimbo yalikuwa na majeshi, mapato na magavana wake, na bai'a ya msikiti wa Mtume, iliyomtosha Abubakar, haikutosha kumfanya gavana wa Dameski atii.

Ustadh_Pangani

Ninakubali kwa sehemu kubwa, ila mimi ningekuwa mwangalifu na neno "haikutosha". Kisheria bai'a ya watu wa Madina ilitosha, na ndiyo hoja aliyoitoa Ali mwenyewe dhidi ya Muawiya. Iliyopungua ni nguvu ya kuitekeleza. Mwanafunzi akitenganisha mambo hayo mawili atakuwa salama kwa msahihishaji yeyote.

Mwl_Mwanaidi_Tanga

Ustadh, ukisema hivyo unamfanya Muawiya kuwa mkosa bila ya kumsikiliza, kwani yeye alidai haki ya damu ya jamaa yake. Tuache hapo, maana kijana ana mtihani.

Kuhusu muda, mwanangu: insha ya alama 15 mimi huwaambia wanafunzi wangu waigawe hivi. Utangulizi nusu ukurasa usifike. Misingi ya Madina, yaani udugu na mkataba, Uhud na Hunain, isizidi ukurasa mmoja. Saqifa ipate nafasi kubwa kuliko nyingine zote, kwa sababu ndiyo iliyo na ushahidi mwingi wa kauli ya swali. Umar apate aya fupi, baraza la sita aya ndefu, Ali aya ya wastani yenye ule ukubalifu wa sehemu. Badri, Khandaq na Hudaibiya visipate aya.

Mtahiniwa_Kondoa

Nimeelewa. Ila kuhusu Hudaibiya, je, siwezi kutumia bai'a ya Ridhwan kama asili ya bai'a za makhalifa? Watu 1,400 walimpa Mtume mkono chini ya mti, na sababu yenyewe ilikuwa uvumi kwamba Uthman ameuawa Makka.

Ustadh_Pangani

Hilo sikuwa nimeliweka katika mpango, na ninaona linafaa. Liweke katika aya ya Uhud baada ya shura, kwa sentensi mbili: shura ilifundishwa Uhud, na bai'a ya mkono kwa mkono ilizoeleka tangu Aqaba mpaka Hudaibiya. Kwa namna hiyo nguzo zote mbili ulizozitumia kwa makhalifa zitakuwa zimepata asili yake kabla hujafika Saqifa. Ila usiseme ni jambo lilelile, kwa kuwa bai'a ya Hudaibiya ilikuwa ya kusimama imara vitani kwa mtu ambaye tayari ni kiongozi wao, na ya Saqifa ilikuwa ya kumweka kiongozi. Iandike insha yote, uiweke hapa Ijumaa baada ya swala, nami na Mwalimu tutaisahihisha kila mmoja kwa kalamu yake.